Mkataba wa kurasa sita uingie kwenye nne: nini kikatwe, nini kisiguswe

(Hotuba kwa makatibu wa vikundi, wasimamizi wa majengo na waandishi wa mikataba)

Ndugu mwenyekiti, ndugu zangu makatibu na wasimamizi wa majengo, na nyote ambao kazi yenu ni kuandaa karatasi ambazo watu wengine watazitia saini: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie kazi moja tu, ile ambayo bosi huileta jioni na kuitaka asubuhi. "Huu mkataba ni mrefu mno. Upunguze theluthi moja, lakini usiondoe wajibu wowote." Agizo la kupunguza ni rahisi kulitekeleza. La kutoondoa wajibu ndilo linalotufanya tukutane hapa.

Nimeandaa mkataba wa mfano. Si wa mtu yeyote. Nimeuunganisha kutoka aina ya vifungu ninavyokutana navyo kila siku. Ni mkataba wa kupangisha fremu ya biashara, una kurasa 6 na maneno 3,000. Unatakiwa uwe na kurasa 4, yaani maneno 2,000 hivi, bila kupunguza ukubwa wa herufi. Sababu ya kutaka nne ni nzuri: karatasi moja ya A3 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A4. Mkataba wote unakaa kwenye karatasi moja. Hakuna stepla, kwa hiyo hakuna mtu atakayechomoa ukurasa wa tatu na kuingiza mwingine. Wanaofanya kazi kwenye majengo ya fremu wanajua kwamba jambo hilo hutokea.

Sasa, mwandishi mwenye haraka hufanya nini? Hushika kalamu, huanza ukurasa wa kwanza, na kila aya hujaribu kuipunguza kidogo. Aya ya maneno 90 inakuwa 60, ya 60 inakuwa 40. Hesabu inakubali, lakini hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa sababu ufupi haugawanyiki sawasawa. Kuna aya ambayo yote inaweza kuondoka na hakuna atakayeikosa. Kuna nyingine ambayo ukiondoa maneno matatu, mtu anapoteza amana yake. Ukizikata zote kwa kipimo kimoja, umebakiza mafuta kwenye ya kwanza na kukata mfupa kwenye ya pili.

Ninachowaomba ni kwamba msikate neno hata moja kabla ya kutoa wajibu wote nje ya mkataba na kuuweka kwenye daftari. Chora safu sita. Nani? Anatakiwa kufanya nini, au kutofanya nini? Kwa nani? Lini, au kwa kiasi gani? Kwa sharti gani au isipokuwa nini? Asipofanya, kinafuata nini? Pembeni andika namba ya kifungu ulikoutoa wajibu huo. Kila wajibu unapata mstari wake. Sentensi moja ikibeba wajibu mbili, ni mistari miwili.

Mkataba wetu wa mfano ulitoa mistari 34. Mistari 21 ni ya mpangaji, 11 ni ya mwenye nyumba, na miwili haikuwa na mwenyewe. Hiyo miwili nitairudia.

Wajibu huutafuta wapi? Vifungu vyenye "atalipa", "lazima", "anapaswa" na "haruhusiwi" vinajitokeza vyenyewe. Tabu ni wajibu uliojificha, na kwenye mikataba yetu hupenda kujificha mahali pawili ambapo mkataji hupapenda zaidi, kwa sababu panaonekana pa mapambo.

Mahali pa kwanza ni utangulizi, zile aya zinazoanza na "KWA KUWA". Kila anayetaka ufupi huanza na hizo, na mara nyingi yuko sahihi: "Kwa kuwa Mwenye Nyumba ni mmiliki halali wa jengo, na kwa kuwa Mpangaji ni mfanyabiashara anayehitaji fremu", na kadhalika. Lakini katika mfano wetu, aya ya nne ya utangulizi ilisema: "Na kwa kuwa Mwenye Nyumba amekubali kuweka mita ya Luku ya kila fremu kabla ya Mpangaji kuanza biashara." Nilitafuta ahadi hiyo katika vifungu vyote 26 vya mkataba, sikuiona tena. Iko hapo tu. Ukifuta utangulizi, umemfutia mpangaji mita yake. Kwa hiyo ahadi ile inahamishwa kwanza, inakuwa kifungu kamili: "Mwenye Nyumba ataweka mita ya Luku ya fremu hii kabla ya Mpangaji kuanza biashara." Baada ya hapo, sehemu kubwa ya utangulizi inaweza kwenda. Na mwambieni mwenye nyumba kwamba mmeihamisha, kwa sababu ahadi iliyokuwa kwenye utangulizi ikiingia kwenye vifungu inapata nguvu zaidi, na yeye ana haki ya kujua kabla hajatia saini.

Mahali pa pili ni tafsiri ya maneno. Mkataba wetu ulitumia maneno 420 kueleza maana ya istilahi 17. Kanuni yangu hapa ni nyepesi: istilahi iliyotumika mara moja tu, ifute kwenye orodha na uieleze palepale ilipotumika. Iliyotumika mara nyingi ibaki, kwa sababu inakuokolea maneno kila inapojirudia. Lakini kabla hujafuta, soma kila tafsiri kwa jicho la daftari. Moja ilisema: "'Kodi' maana yake ni shilingi 450,000 kwa mwezi zinazolipwa kwa njia ya benki pekee." Maneno matano ya mwisho si tafsiri, ni amri. Mpangaji akilipa taslimu, amekiuka. Hiyo ni nusu ya mstari wa daftari iliyojificha kwenye orodha ya maana, na lazima ihamie kwenye kifungu cha malipo.

Baada ya kuhamisha hayo, utangulizi ulitupa maneno 110 na tafsiri zikatupa 230. Tumeokoa 340 na hatujamgusa mtu.

Sasa tuje kwenye marudio, ambako ndiko kwenye akiba kubwa. Mikataba mingi huwa imeandikwa na watu wawili au watatu kwa nyakati tofauti, kila mmoja akiongeza bila kusoma cha mwenzake. Daftari linakuonyesha marudio bila shida: mistari miwili yenye nani yuleyule, jambo lilelile na muda uleule, ila namba za vifungu ni tofauti. Unabakiza kifungu kimoja, kile chenye maelezo kamili zaidi, na unafuta kingine. Hapo tulipata maneno 310.

Lakini hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu kuna marudio ya kweli na kuna yanayofanana na marudio. Kifungu cha 7 kilisema notisi ya kuondoka ni siku 90. Kifungu cha 22 kilisema notisi ni siku 30. Mwandishi mwenye haraka angesema hayo ni marudio yaliyokosewa, angechagua moja na kuendelea. Tulipojaza safu ya sharti, tuliona kwamba cha 7 kinahusu anayevunja mkataba kabla ya muda wake kuisha, na cha 22 kinahusu asiyetaka kuhuisha mkataba unapoisha wenyewe. Ni wajibu mbili tofauti. Zote zinabaki, na kila moja inapaswa kusema waziwazi ni ya wakati gani.

Linganisheni na hili. Kifungu cha 5 kilisema amana itarudishwa ndani ya siku 14 baada ya mpangaji kuhama. Kiambatanisho kilisema ndani ya siku 30 baada ya mpangaji kuhama. Nani yuleyule, jambo lilelile, sharti lilelile, muda tofauti. Huo ni mgongano. Je, mkataji achague? Hapana. Mwenye kupunguza maneno hana mamlaka ya kuchagua siku 14 au 30, hata akiwa na hakika kwamba moja ni kosa la uchapaji. Anaweka alama, anawaandikia wenye mkataba swali la mstari mmoja, anasubiri jibu. Hata kama bosi ana haraka, swali hilo linajibika kwa simu, kisha jibu liandikwe.

Vivyo hivyo kwa ile mistari miwili isiyokuwa na mwenyewe. Mkataba ulisema: "Choo cha pamoja kitasafishwa kila siku." Na: "Bili ya maji itagawanywa." Kiswahili chetu kinaturuhusu kusema jambo litafanywa bila kumtaja atakayelifanya, na sentensi ikatoka fupi na nzuri. Kwenye mkataba, sentensi hiyo ni ugomvi unaosubiri siku yake. Hapa ufupi unatutaka tuongeze neno, si kupunguza. Na ni nani aongezwe? Hilo nalo ni swali la wenye mkataba. Kwa bili ya maji tuliuliza pia inagawanywa kwa usawa au kwa ukubwa wa fremu, maana mkataba haukusema.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huo, nao huingia pale tunapofuta majina ili kuokoa maneno. Mkataba wa awali ulisema: "Mpangaji akimwarifu Mwenye Nyumba kwamba bomba limepasuka, Mwenye Nyumba atalitengeneza ndani ya siku 3." Mkataji akaona "Mwenye Nyumba" mara mbili, akafuta la pili: "Mpangaji akimwarifu Mwenye Nyumba kwamba bomba limepasuka, atalitengeneza ndani ya siku 3." Atalitengeneza nani? Kisarufi, anayeonekana ni mpangaji, kwa sababu ndiye aliyeanza sentensi. Maneno mawili yameokolewa, na gharama ya fundi imehama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Katika kila sentensi ya wajibu, mtajeni mwenye wajibu kwa jina lake la kwenye mkataba pale ambapo kiambishi kinaweza kuwaangukia wote wawili. Hayo ni maneno ambayo hatuwezi kuyaokoa.

Sasa tushuke kwenye sentensi zenyewe, zile zilizovimba. Nitawasomea kifungu cha malipo kama kilivyokuwa, ambacho kina maneno 77:

"Mpangaji atawajibika na atalazimika kulipa na kutoa malipo ya kodi ya pango kwa Mwenye Nyumba, malipo ambayo yatafanyika kila baada ya miezi mitatu, na inakubalika na kueleweka baina ya pande zote mbili kwamba malipo hayo yatafanyika kabla au ifikapo tarehe 5 ya mwezi wa kwanza wa kila kipindi, isipokuwa kama tarehe hiyo itaangukia siku ya Jumapili au sikukuu ya kitaifa, ambapo malipo yatafanyika siku ya kazi inayofuata, na Mwenye Nyumba naye atatakiwa kutoa risiti kwa malipo hayo."

Kijana mmoja mwerevu akikipunguza kwa haraka, ataandika hivi: "Mpangaji atalipa kodi kila miezi mitatu kabla ya tarehe 5." Maneno kumi! Inapendeza sana kuitazama. Ipelekeni kwenye daftari muone. "Kabla au ifikapo" imekuwa "kabla", kwa hiyo anayelipa tarehe 5 yenyewe, ambaye jana alikuwa salama, leo amechelewa. Haisemi tarehe 5 ya mwezi gani kati ya ile mitatu. Jumapili na sikukuu zimepotea. Na risiti imetoweka kabisa, ambayo haikuwa wajibu wa mpangaji bali wa mwenye nyumba. Kwa sentensi moja, upande mmoja umeongezewa mzigo na mwingine umetuliwa wake, na hakuna aliyekubaliana na hilo.

Sisi tuliandika hivi:

"Mpangaji atamlipa Mwenye Nyumba kodi ya kila miezi mitatu si baada ya tarehe 5 ya mwezi wa kwanza wa kipindi hicho. Tarehe 5 ikiwa Jumapili au sikukuu ya kitaifa, atalipa siku ya kazi inayofuata. Mwenye Nyumba atatoa risiti kila anapolipwa."

Ni maneno 40. Kimepungua karibu nusu, na daftari halijapoteza kitu. Kilichoondoka ni "atawajibika na atalazimika", ambayo ni jambo moja lililosemwa mara mbili. Ni "kulipa na kutoa malipo". Ni "inakubalika na kueleweka baina ya pande zote mbili", maneno ambayo saini zao tayari zinayasema. Tazameni pia kwamba sharti la Jumapili limepewa sentensi yake. Mara nyingi sentensi tatu fupi zinatumia maneno machache kuliko moja ndefu, kwa sababu hazihitaji "malipo ambayo" na "malipo hayo" za kuunganishia. Kazi ya namna hii kwenye mkataba wote ilitupa maneno 190.

Nilisema hakuna aliyekubaliana na yale mabadiliko ya kijana wetu. Je, hawawezi kusema baadaye, "Jamani, tulikata tu ili karatasi itoshe, makubaliano yetu ni yaleyale"? Hapo ndipo penye hatari. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura 6, inafuata kanuni kwamba makubaliano yakishawekwa kwenye maandishi, kwa kawaida mtu haruhusiwi kuleta maneno ya mdomo ili kuyapinga, kuyaongeza au kuyapunguza. Kuna hali zinazoruhusiwa, kama udanganyifu, lakini hakuna anayepaswa kuandika mkataba kwa kutegemea hizo. Sharti ulilolifuta kwa nia njema huenda lisirudi.

Kuna sehemu moja zaidi iliyokatwa, nayo ni sheria iliyonukuliwa. Mkataba wetu ulikuwa na aya ndefu iliyoeleza kodi ya zuio kwenye pango. Wajibu wa kuzuia kodi hiyo unatoka kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332. Upo hata mkataba ukinyamaza. Kwa hiyo maelezo yale yangeweza kuondoka, lakini si yote. Ndani yake mlikuwa na sentensi kwamba mpangaji atamkabidhi mwenye nyumba cheti cha kodi ya zuio ndani ya siku 7. Siku 7 hizo ni makubaliano ya watu wawili. Na jirani yake kulikuwa na sentensi iliyosema ushuru wa stempu ataulipa nani. Hayo mawili yalibaki, mengine yakaenda, tukapata maneno 80.

Jumlisheni: 110, 230, 310, 190 na 80. Ni maneno 920. Tumebakiwa na 80, na vyanzo vyepesi vimekauka. Kazi nyingi huharibikia hapa, kwa sababu mtu amechoka na anaona mwisho. Macho yanaanza kwenda kwenye "isipokuwa", kwenye "ndani ya siku", kwenye "kwa maandishi". Usiyaguse. Ukifika hapo, badilisha umbo la maandishi badala ya kuendelea kukata.

Mkataba wetu ulikuwa na sentensi tano za malipo: kodi, amana, maji, uzoaji taka na ulinzi. Tulizigeuza jedwali moja, na zile 80 zikapatikana. Lakini jedwali letu la kwanza lilikuwa na kichwa kilichosema "Mpangaji atalipa yafuatayo", na mstari wa tano ulikuwa ulinzi. Daftari lilisema ulinzi analipa mwenye nyumba. Kichwa kimoja cha jedwali kilikuwa kimemhamishia mpangaji mshahara wa mlinzi. Tukafuta kichwa hicho, tukaongeza safu ya "Nani analipa", na juu yake tukaandika tu kwamba kila aliyetajwa atalipa kiasi kilichoonyeshwa kwa muda ulioonyeshwa.

Unajuaje kwamba umemaliza salama? Mpe rasimu fupi mtu ambaye hajauona mkataba mrefu, naye atengeneze daftari lake mwenyewe kwa safu zilezile sita. Kisha mkae pamoja, yeye anasoma mstari, wewe unatafuta wa kwako. Msilinganishe idadi peke yake. Idadi ya mistari inaweza kuwa sawa pande zote mbili na bado safu ya sharti ikawa tupu mahali ambapo mwanzoni palikuwa na "isipokuwa". Linganisheni kisanduku kwa kisanduku. Mstari aliouona yeye na wewe huna, huenda umezaa wajibu mpya kwa bahati mbaya. Nao huo ni kosa, sawa na uliopotea.

Na kama baada ya yote hayo mmefika maneno 2,060? Mwambieni bosi hivyo, na mwonyesheni mistari ambayo ingelazimika kufa ili zile 60 zipatikane. Kufuta wajibu ni uamuzi wake na wa upande wa pili, na wakiukubali wote wawili, ufutwe kwa jina lake. Mara nyingi akiiona mistari hiyo, mwenyewe atasema pambizo ipunguzwe kidogo.

Jambo la mwisho linawahusu wale ambao wapangaji wao tayari wako ndani kwa mkataba mrefu. Mkataba mfupi ukitiwa saini, lazima useme kwamba unachukua nafasi ya ule wa zamani kuanzia tarehe fulani, na kwamba madeni, amana na notisi zilizokwisha kutolewa chini ya ule wa zamani zinaendelea. Bila sentensi hiyo mna mikataba miwili inayoishi pamoja, mmoja ukisema siku 14 na mwingine 30. Sentensi hiyo ina maneno kama 25, na inapaswa kuhesabiwa ndani ya zile 2,000 tangu siku ya kwanza.

Ahsanteni sana. Sasa nipo tayari kwa maswali, na waliokuja na mikataba yao waitoe tuanze kuchora daftari.